Swali ndani ya sentensi: unalieleza vizuri kwenye karatasi, unalikosea darasani

Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa Kiingereza kwa mitihani ya umahiri wa lugha, ile inayowapima kama walimu na si kama wasemaji tu. Hong Kong wana mtihani wa namna hiyo tangu 2001, na unaonyesha vizuri kinachotakiwa. Katika karatasi ya kuandika, mtahiniwa hupewa insha ya mwanafunzi, asahihishe makosa kisha aeleze kwa nini ni makosa. Mbali na karatasi, mwalimu huangaliwa akifundisha darasani, na lugha yake hupimwa kwa vigezo vinne: usahihi wa sarufi, matamshi pamoja na mkazo na kiimbo, lugha ya kuwasiliana na wanafunzi, na lugha ya kutoa maelezo na maelekezo.

Wengi huziandaa sehemu hizi mbili kana kwamba hazijuani. Sarufi wanaisoma usiku vitabuni, na maelekezo ya darasani wanayakariri kama salamu. Mimi naanza na kosa moja linaloishi pande zote mbili, kwa sababu linaonyesha haraka nani anaijua kanuni na nani anaitumia. Ni swali linalowekwa ndani ya sentensi nyingine.

Tuchukue sentensi ya mwanafunzi: "I asked the driver where does the bus stop."

Kusahihisha ni rahisi: "I asked the driver where the bus stops." Ukiandika "stopped" pia ni sawa, maana kitenzi cha mwanzo kiko katika wakati uliopita, lakini "stops" inakubalika kwa kuwa basi bado linasimama palepale. Sasa eleza. Hapo ndipo kalamu zinapokwama.

Jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba "mpangilio wa maneno si sahihi". Ni kweli, lakini halielezi chochote. Mwanafunzi mwenyewe akiliona sahihisho ataona maneno yamehamishwa. Jibu la pili linasikika la kitaalamu zaidi: eti hii ni kauli ya taarifa, kwa hiyo tunatumia mpangilio wa sentensi ya kawaida. Hili lina nusu ya ukweli. Hebu lipeleke kwenye "Do you know where the bus stops?" Hapo hakuna aliyeripoti maneno ya mtu, na bado mpangilio ni uleule. Maelezo yanayovunjika ukibadilisha mfano kidogo tu si maelezo ya kumpa mwanafunzi, wala mtahini.

Maelezo yanayosimama yanaanza na kazi ya maneno hayo ndani ya sentensi. Kila kinachofuata baada ya "asked the driver" ni kishazi tegemezi kinachofanya kazi ya nomino: ni shamirisho ya kitenzi "asked", yaani kile kilichoulizwa. Swali linalosimama lenyewe hutanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya kiima. Likiingia ndani ya sentensi nyingine kama kishazi cha nomino, linarudi kwenye mpangilio wa kawaida, kiima kwanza kisha kitenzi. Na "does" ilikuja kwa ajili ya kuunda swali tu. Kazi hiyo ikiisha, inaondoka.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo linalotenganisha jibu zuri na jibu kamili. "Does" haiondoki mikono mitupu. Ndiyo iliyokuwa imebeba ile "s" ya nafsi ya tatu umoja, kwa hiyo inapotoka lazima imkabidhi "stop" mzigo huo. Mwanafunzi aliyeambiwa tu "ondoa does" ataandika "where the bus stop", na sasa utakuwa na kosa la pili ulilolizalisha wewe. Tena "bus stop" ni kituo cha basi, kwa hiyo sentensi inaonekana kama imekatika njiani. Ukiandika katika maelezo yako kwamba upatanisho unarudi kwenye kitenzi kikuu, umeonyesha kwamba umeona mabadiliko yote matatu: kisaidizi kimeondoka, kiima kimetangulia, na kitenzi kimepata "s".

Kama swali la awali ni la ndiyo au hapana, halina neno la kuuliza la kuliunganisha, hivyo unaleta "if" au "whether": "I asked him if the bus stops here." Alama ya kuuliza nayo huamuliwa na kishazi kikuu. "I asked the driver..." ni taarifa, inaisha na nukta. "Do you know..." ni swali, inaisha na alama ya kuuliza.

Kanuni ina mipaka, na mtahini mjanja huipenda mipaka hiyo. Tazama "Tell me who broke the window." Hakuna kilichohama, kwa sababu "who" ndiyo kiima chenyewe, na tayari iko mbele ya kitenzi. Kwa hiyo usiwahi kuandika kwamba katika maswali ya ndani "tunabadilisha mpangilio" bila kuweka sharti. Vivyo hivyo utakuta "She asked me what was the matter" kwa waandishi wazuri kabisa; "what" inaweza kuchukuliwa kuwa kiima, na sentensi ni safi. Ukiisahihisha hiyo kwenye insha ya mwanafunzi, umesahihisha kisichoharibika. Ziko pia lahaja, Kiingereza cha Ailandi kwa mfano, ambazo husema "I asked him where was he going" bila aibu yoyote. Ni vizuri kulijua hilo ili usimcheke mtu, lakini kwenye mtihani andika umbo sanifu.

Wanaozungumza Kiswahili wana bahati hapa na mara nyingi hawaioni. "Basi linasimama wapi?" na "Sijui basi linasimama wapi" zina mpangilio mmoja; hakuna kinachohama. Kwa hiyo si rahisi kusema kosa hili linatoka kwenye Kiswahili. Linatoka kwenye mafunzo ya Kiingereza yenyewe: tulipigiwa sana kelele kwamba swali lazima litangulize kisaidizi, mpaka tukawa tunakitanguliza hata pasipohitajika. Mwalimu anayelijua hilo anaweza kumwambia mwanafunzi kwamba ndani ya sentensi, Kiingereza kinapanga maneno kwa utulivu kama yeye alivyozoea.

Sasa tuingie darasani. Mwalimu aliyeandika maelezo yote hayo bila kasoro anasimama mbele ya wanafunzi na kusema: "Can anyone tell me what is the answer?" Linatoka kirahisi kwa sababu ya jinsi tunavyopanga maneno tukiwa tunazungumza. Mwanzo wa adabu umeshakaririwa, na "what is the answer" nayo imeshakaririwa. Ulimi unabandika vipande viwili vilivyo tayari. Kwenye karatasi ulikuwa na muda wa kutazama kiungio. Darasani kiungio kinapita kabla hujakiona. Ukisimama kidogo na kushusha sauti baada ya "tell me", zinakuwa sentensi mbili na zote ziko sawa. Ukitiririsha bila kituo, mpimaji anasikia sentensi moja yenye kosa.

Wengine huniambia wataepuka mianzo hiyo na kuuliza moja kwa moja: "What's the answer?" Kwa wanafunzi wachanga ni uamuzi mzuri, na mimi huupendekeza. Lakini kosa halijaondoka, limehamia kwenye maelekezo, ambako halina sura ya swali na hivyo halishtui mtu. "Explain why is he angry." "Tell your partner which picture do you like." "Write down what does the writer want." Hizi zote ni amri, na ndani ya kila amri kuna swali lililopangwa vibaya.

Haya ni maelekezo ya kazi ya wawili wawili, ya aina ninayoisikia kila mara:

"Okay, now I want you discuss with your partner about why is the boy angry and write down what will he do next, understand?"

Baada ya "want you" inahitajika "to". "Discuss" huchukua shamirisho moja kwa moja, haihitaji "about". "Why is the boy angry" na "what will he do next" ni lile kosa letu, mara mbili katika pumzi moja. Lakini hata ukisafisha sarufi yote, maelekezo bado ni mabaya: ni sentensi moja ndefu yenye kazi mbili, haina muda, na inaisha na "understand?", swali ambalo kila darasa hujibu "yes" hata kama halijaelewa. Kigezo cha lugha ya maelekezo kinaanguka hapo, sarufi ikiwa imesimama.

Ninavyoyapanga upya ni hivi:

"Work with your partner. Decide why the boy is angry. Then write down what he will do next. Write one sentence. You have three minutes."

Sentensi fupi hufuata mpangilio wa matendo yenyewe, na kila moja ina tendo moja au sharti moja. Karatasi zigawanywe baada ya maneno hayo, kamwe si kabla, la sivyo utakuwa unaongea na vichwa vilivyoinama. Halafu hakikisha wameelewa kwa swali ambalo jibu lake linafichua uelewa: "Are you writing one sentence or two?" Atakayejibu "two" amekuambia jambo ambalo "yes" isingekuambia.

Kwa maandalizi, jirekodi ukifundisha kipindi cha kawaida, kisha nakili dakika chache za maelekezo neno kwa neno. Usitafute makosa yote. Pigia mstari kila "what", "where", "why", "how" na "which" inayotokea katikati ya sentensi, na uangalie kinachotangulia baada yake ni kiima au ni kitenzi. Katika andalio la somo, andika kikamilifu maelekezo yenye vishazi hivyo tu. Ukiandika kipindi kizima utaanza kusoma, na anayesoma hupoteza mkazo na kiimbo, ambavyo navyo vinapimwa.

Na likikuponyoka mbele ya mpimaji, lirekebishe palepale kwa kurudia kishazi tu: "why is... why the boy is angry", kisha endelea na kazi. Usiombe radhi wala usianze upya sentensi nzima. Wanafunzi wanahitaji kusikia maelekezo, na mpimaji ameshasikia kwamba umejisahihisha.