Picha na karatasi zako ziko kwenye wingu, yaani kwenye mitambo ya kampuni kama Google: wadukuzi wanazifikia vipi?

Dhana: Wadukuzi huvunja mitambo ya Google au Apple na kuchota faili zetu.

Ukweli: Mara nyingi hawahangaiki na mitambo. Wanapitia kwa mwenye akaunti. Picha za siri za waigizaji wa Marekani zilipovuja mwaka 2014, Apple ilisema wezi walilenga majina ya akaunti, nywila na maswali ya usalama. Baadhi ya waliohukumiwa walikiri kutuma barua pepe za kujifanya Apple au Google.

Kampuni nazo huteleza, tusidanganyane. Mwaka 2012 Dropbox, kampuni nyingine ya kuhifadhi faili mtandaoni, iliingiliwa kwa sababu mfanyakazi wake alitumia nywila moja sehemu mbili.

Dhana: Nikiwa na nywila ngumu, inatosha.

Ukweli: Nywila ngumu haisaidii ukimpa mwizi mwenyewe. Tuseme mama anayeuza vitenge Birere, hapa Goma, amehifadhi kwenye Google Drive picha ya kadi yake ya uchaguzi na karatasi za kiwanja. Anapata ujumbe kwamba akaunti yake itafutwa, abonyeze kiungo. Ukurasa unafanana kabisa na wa Google, anaandika nywila. Kumbe mwizi, upande wa pili, anaiandika papo hapo kwenye ukurasa wa kweli, na Google inamtumia mama nambari ya kuthibitisha, inayoanza na G-. Simu inaita: “Mama, ni huduma ya wateja, nisomee hiyo nambari.” Akiisoma tu, mwizi ameingia. Atabadilisha nywila, ataondoa namba ya simu ya mama, na kuanzia hapo mwenye mali ndiye atakayeonekana mgeni.

Nambari hiyo hasomewi mtu yeyote, hata akijua jina lako na la mtaa wako. Na kabla ya kuandika nywila, angalia anwani juu ya ukurasa: ya Google ni `accounts.google.com`. Ikiwa na neno jingine baada ya `google.com` kabla ya mkwaju `/`, funga.

Swali: Namba yangu ya simu ikipotea je?

Kadi ya simu isiyotumika muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine, na nambari za kuthibitisha zitamfuata yeye. Kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya “Validation en deux étapes”, chukua “codes de secours”: ni 10, kila moja hutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani, si ndani ya simu ileile.

Dhana: Nikifunga dirisha la Gmail kwenye kompyuta ya duka la fotokopi, nimetoka kwenye akaunti.

Ukweli: Hapana, akaunti hubaki wazi, na anayefuata kukaa pale anaweza kuikuta. Kwenye simu yako, fungua Gmail, gusa picha yako, halafu “Gérer votre compte Google”, kisha “Sécurité” na “Vos appareils”. Ukiona kompyuta usiyoitambua, au ya duka ulilopita juzi, iguse na ubonyeze “Se déconnecter”. Kama huitambui kabisa, badilisha nywila siku hiyohiyo.