Tangazo lililokatwa vipande si uzi

Siku hizi chochote chenye "1/6" kinaitwa uzi. Uzi ni mfululizo wa posti za akaunti moja, kila moja ikijibu iliyotangulia, zinazosomwa kama jambo moja. Maana yenyewe haina ugomvi. Ugomvi ni kwa anayechukua barua ndefu, akaikata kila herufi 280 za X zinapojaa, kisha akashangaa watu wameishia posti ya pili.

Tuseme ni tangazo la kukatika maji Kigoma mjini. Barua huanza na salamu na "tunapenda kuwataarifu wananchi wote", kwa hiyo ikikatwa, posti ya kwanza inakwisha hata siku haijatajwa. Ya pili inaangukia sababu: pampu, bomba kuu, matengenezo. Majina ya maeneo yanakuja ya nne, na mtu wa Gungu aliyetaka kujua kama ajaze madumu alishapita zamani.

Uzi huandikwa upya, ukianzia mwisho wa barua:

"Jumamosi maji yatakatika Mwanga, Gungu na Katubuka, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kibirizi na Bangwe yatatoka kama kawaida. Jazeni madumu Ijumaa."

Posti ya pili ndiyo ngumu. Kazi yake ni kujibu swali ambalo ya kwanza imelizua, na hapa swali ni "nikiishiwa nichote wapi?" Basi taja sehemu boza litakaposimama, saa ngapi, na kama ni bure. Sababu ya matengenezo ni ya tatu au ya nne, maana anayeijali ni yule ambaye tayari ameshajipanga.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba watu huretwiti kipande kimoja, si uzi mzima. Posti inayosema "huduma itarejea siku hiyo jioni" ikifika peke yake haina maana. Andika "Jumamosi jioni" na "Gungu" tena, hata kama umeshayataja juu. Kurudia huko kwenye barua kungechosha. Kwenye uzi kunatakiwa.

Ukitaka kujua umekwama wapi, angalia idadi ya waliotazama chini ya kila posti. Kushuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili kusikutishe, kwa sababu ya kwanza huzunguka peke yake kwa watu wasioufungua uzi. Linganisha ya pili na ya tatu. Zikiachana sana, ya pili haikujibu kitu.

Kwa hiyo ndugu zetu wa ofisi za habari, hizo "1/6" hadi "6/6" zenu bado ni barua. Na kama ukiondoa salamu na shukrani zinabaki posti mbili, wekeni mbili tu, bila namba.