Kona iliyomezwa na ukuta: kusoma awamu za ujenzi katika nyumba za Mji wa Kale

Ukitaka kujua nyumba kongwe ya Mji wa Kale wa Mombasa ilijengwa kwa hatua zipi, usianze na mlango wa nakshi wala roshani. Mlango hung'olewa ukauzwa au ukahamishiwa nyumba nyingine, na roshani mara nyingi hubandikwa baadaye ili nyumba ipendeze kwa mbele. Anza na ukuta wa ubavuni, ule wa kichochoroni ambao hakuna aliyeona haja ya kuupamba. Huko lipu imebanduka, mawe yako wazi, na kazi ya kila fundi imebaki kama alivyoiacha.

Matofali ya kuchoma ni nadra katika nyumba hizi, kwa hiyo tunachosoma ni mpangilio wa mawe. Ukuta wa zamani ni wa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, makubwa kwa madogo, yaliyoshikwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga au udongo mwekundu. Unene wake ni kama nusu mita, na mistari yake haiko sawa. Kazi ya baadaye aghalabu ni ya mawe ya kuchonga: yana kimo kimoja, yamelazwa kwa mistari iliyonyooka, na kila kiungo cha wima kimekaliwa na jiwe la mstari wa juu. Mpangilio ukibadilika ghafla, hapo pana jambo la kuulizia.

Tuchukue ukuta wa mfano, wa aina inayopatikana sana, wenye urefu wa mita 8. Mita 5 za kushoto ni mawe yasiyochongwa, na mita 3 za kulia ni mawe ya kuchonga. Kati ya sehemu hizo mbili umepita mshono wa wima, umenyooka kutoka chini hadi juu. Tazama kwanza mawe ya upande wa kushoto yanayougusa mshono huo. Ni makubwa kuliko wenzake, yamesawazishwa nyuso, na yanapishana: moja refu, moja fupi, moja refu tena. Fundi hahangaiki kuchagua mawe ya namna hiyo katikati ya ukuta. Huyachagua kwa ajili ya kona. Kwa hiyo hapa ndipo nyumba ilipokuwa ikiishia, na zile mita 3 ni nyongeza iliyokuja kuegemea kona ya zamani.

Uthibitisho wenyewe umo ndani ya mshono. Mulika kwa tochi nyembamba, uchungulie mahali ambapo chokaa imedondoka. Ukiona ubavu wa jiwe la kushoto una lipu nyembamba, na juu yake tabaka za chokaa ya kupaka zinazoendelea kwenda nyuma ya jiwe la kulia, shauri limekwisha. Hakuna anayepaka chokaa mahali pasipofikika kwa brashi. Upande huo ulikuwa wazi, ukapigwa na mvua na kupakwa zaidi ya mara moja, kabla ya nyongeza kujengwa. Dalili hii naithamini kuliko zote, kwa sababu haitegemei kukisia umri wa kitu chochote. Inasema kipi kilitangulia, basi.

Usipoikuta, kuwa mwangalifu. Kama mawe ni ya aina moja pande zote mbili, chokaa ni ile ile, na ndani ya mshono hakuna lipu, huenda fundi alisimamisha kazi tu, akaendelea baadaye. Vilevile ufa si mshono. Ufa hupanuka kadiri unavyopanda au kushuka, hupita kwa ngazi, na pengine hupasua jiwe katikati. Kwenye mshono, kila jiwe lina mwisho wake kamili.

Sasa turudi upande wa kushoto. Mita 2 kutoka mwanzo wa ukuta kuna mishono miwili ya wima iliyoachana kwa sentimita 90, nayo inashuka hadi chini kabisa. Juu yake vipande vya boriti za mikoko vimelazwa sambamba. Huo ni mlango uliozibwa: mishono ndiyo iliyokuwa miimo yake, na boriti ndizo linta. Lingekuwa dirisha, mishono ingekoma juu ya ardhi. Zingatia tu kwamba usawa wa kichochoro hupanda kwa miaka, kwa hiyo kizingiti cha chini kinaweza kuwa kimefukiwa.

Pima pia upande wa ndani. Aliyeziba mlango alitumia mawe ya kuchonga ya sentimita 20, na ukuta una sentimita 50, kwa hiyo ndani limebaki shubaka la kina cha sentimita 30. Wenyeji wa nyumba huligeuza kabati. Usilichanganye na kidaka kilichojengwa tangu mwanzo: kidaka hakina mishono upande wa nje, na pembe zake za ndani zimemalizwa kwa lipu ile ile ya chumba.

Mawe yaliyoziba mlango ni ya kimo kile kile cha nyongeza, na chembe za mchanga na vipande vya kombe kwenye viungo vyake vinafanana. Hilo linaashiria kazi ya wakati mmoja: mlango ulizibwa kwa kuwa njia ya kuingilia ilihamia kwenye nyongeza. Ni dalili nzuri, ila haina nguvu kama ile ya lipu ndani ya mshono. Mimi huiandika kwa penseli.

Kando ya mlango huo huo kuna dirisha lenye linta ya zege. Mawe ya pembeni yamekatwa ovyo na kuzungushiwa kiraka cha simiti, ishara kwamba tundu lilitobolewa kwenye ukuta uliokwisha simama. Ncha ya linta imeng'oa boriti moja na kukalia mawe yaliyoziba mlango. Kwa hiyo dirisha ni la mwisho. Mfuatano umepatikana: ukuta wa kushoto, kisha nyongeza na kuzibwa kwa mlango, kisha dirisha.

Miaka huja baada ya mfuatano. Roshani ikibebwa na vipande vya reli, sugua kutu ubavuni, kwa maana viwanda vingi viliweka jina na mwaka hapo. Reli ya kwenda Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kipande kilichokuja kubeba roshani kwa kawaida kilitumika njiani kwanza. Mwaka ulioandikwa kwenye reli unakuambia tu kwamba roshani si ya kabla yake. Simiti nayo isikupeleke moja kwa moja hadi 1954, kiwanda cha Bamburi kilipoanza, kwani kabla ya hapo ilikuwa ikija kwa meli.

Wengine hupima chokaa kwa siki au ndimu na kungoja itoe povu. Hapa kwetu kipimo hicho hakifai: matumbawe yenyewe hutoa povu, na mchanga wa pwani pia. Tumia msumari. Chokaa ya zamani hukwaruzika ikawa unga, simiti hukataa.

Pale ambapo lipu bado imefunika, mulika tochi usiku ukiiegemeza ukutani ili mwanga upite ubavuni. Mshono hujitokeza kama kivuli chembamba. Ukilazimika kufungua lipu, omba kibali kwanza, kwani Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kisha fungua upana wa kiganja tu, kuvuka mshono, na uzibe kwa chokaa. Kiraka cha simiti hufungia unyevu na chumvi ndani, na matumbawe yaliyo nyuma yake huanza kumomonyoka.