Tajiri wa chombo hakupiga kura, lakini kashinda

Dhana: Mwenye nguvu ni yule ambaye neno lake limepita kikaoni.

Hiyo ni sura ya kwanza tu ya nguvu. Mtaalamu wa siasa Robert Dahl alipoutazama mji wa New Haven, Marekani, katika utafiti wake wa 1961, alifuata uamuzi mmoja mmoja akiangalia nani kashinda. Tuseme wavuvi wa Bagamoyo wameitwa kujadili ushuru wa mnada wa samaki, wakakataa usipandishwe, na haukupanda. Kwa kipimo cha Dahl, siku hiyo wavuvi ndio wenye nguvu.

Dhana: Kisichozungumzwa hakina mlalamikaji.

Mwaka 1962 Peter Bachrach na Morton Baratz walileta sura ya pili kwa swali la kimbea kidogo: ajenda kaipanga nani? Katika kikao kile kile cha ushuru, deni halikutajwa. Mvuvi aliyekopeshwa nyavu na mashine na tajiri wa chombo humuuzia tajiri huyo samaki, kwa bei anayoitaka tajiri. Kila mtu analijua hilo. Ila mvuvi anawaza nani atampa mafuta ya safari ijayo, na mwenyekiti hataki ugomvi, basi jambo linasukumwa kwenye "mengineyo", na adhana ya magharibi inawakuta hapo. Ukisoma muhtasari huoni kitu, maana hakuna aliyeshindwa.

Mtafiti Matthew Crenson aliupata ukimya wa namna hiyo katika miji miwili jirani ya viwanda vya chuma huko Indiana, Marekani. East Chicago ilipitisha sheria ya kudhibiti moshi mwaka 1949. Gary, mji ulioanzishwa na kampuni ya U.S. Steel, ilingoja mpaka 1962. Kampuni haikuhitaji hata kupinga kwa sauti. Watu walishakisia itakavyochukia.

Dhana: Mtu akiridhika, hakuna anayemtawala.

Hapa ndipo Steven Lukes alipoongeza sura ya tatu, mwaka 1974: nguvu inayofika mpaka kwenye matakwa ya mtu. Mvuvi anasema "tajiri ndiye anayetulisha", na anamaanisha, kwa kuwa tangu utotoni hajaona mambo yakienda vingine.

Lakini mimi ni nani nimwambie hajui anachokitaka? Huenda anajua sana. Chombo kikirudi kitupu, hasara ya mafuta mara nyingine humwangukia tajiri, na hiyo ni bima ambayo benki haimpi mvuvi.

Kwa hiyo kauli yake pekee haitoshi. Tazama diko la jirani ambako wavuvi wanakopa kwenye vikoba: je, bado wanampelekea mtu mmoja samaki wote? Kisha sikiliza wanavyozungumza wakiwa baharini, tajiri hayupo. Wakimsifu mnadani na kumlaani huko nje, basi akili zao hazijatekwa. Wanaogopa tu, na woga huo ni kazi ya sura ya pili.