Pashmina si saizi ya mtandio

Juzi nimemsikia tena muuza mitandio akimwambia mteja: "Hii ndefu ni pashmina, dada, ile fupi ni skafu tu." Ile ndefu ilikuwa viskosi, kitambaa cha nyuzi zitokanazo na miti.

Haraka haraka: skafu ni ya kufunga shingoni au kichwani, stola ni ya kutupia mabegani, mara nyingi sentimita 70 kwa 200, shali ni pana zaidi, kama mita 1 kwa 2, ya kujifunika.

Pashmina haimo katika orodha hiyo, kwa sababu haitaji umbo. Neno linatokana na Kiajemi, *pashm*, yaani sufu. Ni manyoya laini ya ndani ya mbuzi wa nyanda za juu za Ladakh, kaskazini mwa India, ambao majira ya kuchipua huchanwa kwa kitana, na nyuzi zake zikafumwa Kashmiri. Unyoya mmoja una unene wa maikroni 12 hadi 16 hivi. Unywele wa mtu hufika 70. Skafu yaweza kuwa pashmina, shali pia. Kuita nguo pashmina kwa sababu ni ndefu ni sawa na kuita shati "pamba" kwa sababu lina mikono mirefu.

Ukitilia shaka, chomoa uzi mmoja pindoni uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Viskosi hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka ikaacha kishanga kigumu. (Usifanyie dukani, utafukuzwa.) Sufu ya kondoo nayo hunuka vilevile, kwa hiyo moto utakuambia ni manyoya, si ya mnyama gani.

Kosa hili huonekana kwenye kufunga. Chukua stola mbili za sentimita 70 kwa 200, moja sufu nyepesi, nyingine shifoni ya poliesta. Kunja kila moja katikati, izungushe shingoni, pitisha ncha kwenye kitanzi. Ya sufu itakaa ilipo, kwa kuwa nyuzi zake hushikana. Ya shifoni itateleza, na kichwani haikai bila pini. Ukifanya hivyo na shali nzito ya mita 1 kwa 2, utapata donge chini ya kidevu: upana wote umejikusanya hapo. Hiyo itandaze, ncha moja uitupie bega la pili, isifungwe kabisa.

Nasi tulikuwa na neno letu. Mtandio umetokana na kutanda, na ndiyo maana twasema mtu kajitanda: jina linataja namna ya kuvaa, nyuzi likaziacha huru. Basi ndugu muuzaji, sema "mtandio wa viskosi". Bei ibaki hiyohiyo. Dada yule alikuwa ameshaupenda kabla hujaupa jina.