Je, wajua kwa nini unafuu wa gari la manyuali unaweza kumponyoka dereva mpya wa Tanga?

"Nimepata leseni karibuni, naishi Tanga na nataka kununua gari la mkononi. Nichukue la manyuali kwa kuwa matengenezo yake ni nafuu, au nichukue la otomatiki?"

Chukua la otomatiki, ila lenye giaboksi ya gia nne, na sababu kubwa iko sokoni kuliko barabarani. Magari madogo mengi ya mkononi hapa nchini yalitoka Japani, ambako tangu mwaka 1991 mtu anaweza kupata leseni ya kuendesha otomatiki peke yake, na ambako magari ya familia yenye manyuali yamebaki machache sana. Ndiyo maana IST, Vitz, Raum na Passo unazoziona mjini ni otomatiki karibu zote, ilhali manyuali yaliyopo kwa sehemu kubwa ni magari ya kazi: kirikuu, Hiace, Hilux na Probox zilizobeba mizigo. Anayeng'ang'ania manyuali hujikuta akichagua kati ya magari machache yaliyokwisha kuchoka, na fedha alizotarajia kuokoa kwenye giaboksi huishia kwenye injini na springi.

Ni kweli kwamba klachi hutengenezwa karibu gereji yoyote. Fundi hushusha giaboksi, hubadilisha sahani ya klachi, presha na beringi yake kwa pamoja, kisha huirudisha. Lakini sahani hiyo huliwa na mguu wa dereva, na mguu unaokanyaga klachi nusu nusu ni ule wa mgeni. Foleni ya Tanga si ya Dar es Salaam, hilo ni kweli. Hata hivyo, kwenye barabara za namba za Ngamiani makutano yamekaribiana, baiskeli na bodaboda hukatiza, na gari huondoka na kusimama mara nyingi ndani ya mwendo mfupi. Kila kuondoka huko kwa mguu usiozoea hupunguza sahani kidogo.

Otomatiki haina pedali hiyo, lakini ikifa ni msiba mkubwa zaidi, kwa sababu mafundi wa kuifungua na kuitengeneza kwa uhakika ni wachache, na mara nyingi mwenye gari hufungiwa giaboksi nyingine iliyotumika ambayo hakuna anayejua historia yake. Kinachoiua mara nyingi ni oili. IST ya toleo la kwanza, lililoanza mwaka 2002, ina gia nne na hutumia oili aina ya T-IV. Toleo la pili, la kuanzia mwaka 2007, kwa kawaida lina CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili badala ya gia, na oili yake ni tofauti kabisa. Kuweka oili ya kawaida ya otomatiki kwenye CVT ni kuanza kuiharibu, kwa kuwa mkanda huo huhitaji mshiko ambao oili ile haiupi, ndiyo maana nimependekeza la gia nne. Usimwachie fundi akisie: soma maandishi kwenye kijiti cha kupimia oili au kwenye kitabu cha gari.

Tuseme mtu wa Chuda, anayekwenda kazini Pongwe kila siku, ameonyeshwa IST ya mwaka 2004 na Corolla ya zamani ya manyuali. Aiombe IST ikiwa bado ya baridi, kwa kuwa giaboksi iliyopashwa moto huweza kuficha ugonjwa. Akiwa amekanyaga breki, aitoe P na kuiweka D: inapaswa kushika karibu papo hapo. Ikichelewa sekunde mbili au tatu, au ikishtuka kwa kishindo, aiache. Kisha achomoe kijiti na kupangusa oili kwenye kitambaa cheupe. Wekundu unaopenya mwanga ni dalili njema, weusi wenye harufu ya kuungua si wa kujadiliana bei. Kwenye Corolla, avute breki ya mkono mahali tambarare palipo wazi mbele, atie gia ya tatu na kuachia klachi polepole bila kuongeza mafuta. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, sahani imekwisha. Jaribio hili lisirudiwe rudiwe, maana lenyewe hula klachi.

Akiwa na ndugu Lushoto, ajue kwamba mteremko wa kurudi Mombo si wa kushuka kwa D na breki tupu: mkono wa gia uwekwe 2, au L penye mteremko mkali, ili injini ilizuie gari na breki zisipate moto hadi kupoteza nguvu. Manyuali hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kwa anayenunua gari la kushusha mboga kutoka milimani kila wiki, kirikuu yenye klachi mpya ingekuwa na maana kuliko IST yoyote.