Bakuli la supu ya boga lina kalori ngapi? Angalia kwanza kilichoitia uzito

Kwenye kliniki za lishe hapa Mwanza, watu walioshauriwa kupunguza uzito hurudi mara nyingi na swali moja: supu ya boga na karoti inanenepesha, au hainenepeshi? Mmoja ameambiwa na jirani kwamba boga ni tamu, hivyo lina sukari nyingi. Mwingine anakula mabakuli mawili kila jioni akiamini kwamba supu ya mboga haiwezi kumdhuru mtu. Wote wawili wanaliangalia boga, wakati tofauti kubwa ya kalori kati ya bakuli na bakuli haitoki humo. Inatoka kwenye kile kilichotumika kuitia supu uzito, na kwenye mafuta yaliyokaangia kitunguu.

Tuchukue sufuria moja tuihesabu yote. Boga lililomenywa na kutolewa mbegu, gramu 800. Karoti gramu 300, ambazo ni kama karoti nne za wastani. Kitunguu kimoja kikubwa, gramu 100. Mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chakula. Maji lita moja. Kitunguu kinakaangwa kwenye mafuta hadi kilainike, mboga na maji vinaingia, vinachemka mpaka boga na karoti viive kabisa, kisha vinasagwa kwa blenda au kupondwa kwa mwiko.

Gramu 100 za boga bichi zina takriban kalori 26, hivyo gramu zetu 800 zinatoa kama 208. Karoti ina kalori 41 kwa gramu 100, jumla 123. Kitunguu kinaongeza 40. Mpaka hapo, zaidi ya kilo moja ya mboga imetupa kalori 371 tu. Kijiko kimoja cha mafuta, chenye gramu 14, kinaongeza peke yake kama 125, yaani robo ya sufuria nzima. Jumla ni karibu kalori 496. Maboga yetu hayafanani, na lile kavu lenye nyama ngumu na utamu mwingi huzidi hesabu hii kidogo kwa sababu lina maji machache. Lakini hata hilo halibadilishi picha.

Sasa tugawe kwa mabakuli, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji hupungua jikoni kwa mvuke, kalori hazipungui. Ukihesabu kwa uzito wa vitu vilivyoingia utapata jibu dogo kuliko ukweli, kwa sababu supu iliyobaki ni nzito zaidi. Pima sufuria tupu kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuanza, uandike. Supu ikiiva, pima sufuria pamoja na supu, kisha toa uzito wa sufuria. Tuseme ilikuwa gramu 900 ikiwa tupu na sasa ni gramu 2,700. Una gramu 1,800 za supu, sawa na mabakuli sita ya gramu 300. Kila bakuli lina kalori 83 hivi, wanga gramu 15, protini gramu 2 na mafuta yasiyofika gramu 3. Hiyo ni supu ya mboga yenyewe, kabla hatujaiongezea kitu cha kuitia uzito.

Krimu sasa. Pakiti ndogo ya mililita 200 inayouzwa kwenye maduka makubwa ya mjini huishia yote kwenye sufuria kama hii, kwa sababu mpishi hapendi kubakiza. Ikiwa ni krimu nzito, yenye mafuta gramu 35 au 36 katika kila gramu 100, pakiti hiyo ina karibu kalori 680. Ni nyingi kuliko boga, karoti, kitunguu na mafuta vikijumlishwa pamoja. Ukipunguza maji kiasi hicho hicho ili sufuria ibaki na gramu 1,800, kila bakuli linapanda kutoka kalori 83 hadi 196. Mafuta yanapanda kutoka gramu 3 hadi karibu 15, na protini inaongezeka gramu moja tu. Kwa hiyo bakuli limezidi mara mbili kwa kalori, na zaidi ya nusu ya kalori hizo sasa inatoka kwenye mafuta, kwani gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu moja ya wanga au protini ina 4. Zipo pia krimu nyepesi za kupikia zenye mafuta karibu gramu 20 kwa mia. Hizo zingeongeza kama kalori 67 kwa bakuli badala ya 113. Angalia kiasi cha mafuta kilichoandikwa nyuma ya pakiti, usiangalie picha ya mbele.

Unga ndio unaoogopwa, na naona unaogopwa kupita kiasi. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa cha unga wa ngano kina gramu 8 na kalori kama 29. Vijiko vinne vinatosha kuipa supu hii uzito wa kutosha, kwa sababu boga lililosagwa limeshaanza kazi hiyo. Vijiko hivyo vinne ni kalori 116, yaani 19 kwa bakuli, pamoja na wanga gramu 4. Bakuli linafika kalori 102 hivi, karibu nusu ya lile la krimu. Unga wa mahindi haupishani sana na wa ngano kwa hesabu hii. Sharti ni kijiko kiwe kimesawazishwa kweli, maana kijiko kilichojazwa mpaka kinamwagika kinaweza kubeba unga mara mbili.

Hesabu ya unga inaharibiwa na namna ya kuutumia. Mapishi mengi yanaelekeza uukaange kwanza kwenye siagi. Vijiko viwili vya siagi vinaleta kama kalori 200 kwenye sufuria, na bakuli linafika 135 hivi. Siagi ina kazi yake pale: inazizunguka chembe za unga zisigandamane, ndiyo maana supu ya namna hiyo haina madonge. Lakini kazi hiyo hiyo maji baridi yanaiweza. Koroga unga kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka uwe laini, kisha umimine taratibu kwenye supu inayochemka huku mwiko unazunguka. Ukitia unga mkavu moja kwa moja kwenye supu ya moto, nje ya donge huiva papo hapo na kufunga, ndani hubaki unga mkavu, na hakuna kukoroga kutakakoufungua.

Kuna kosa jingine linaloongeza unga bila mtu kujua. Wanga huvuta maji na kuvimba supu ikiwa imeshika moto, na unahitaji dakika chache za kuchemka ili ufike mwisho wa kuvimba na ladha ya unga mbichi iondoke. Supu ikipoa huzidi kuwa nzito. Mpishi asiye na subira huona bado nyepesi, akaongeza vijiko vingine viwili, na mezani inakuwa kama uji. Subiri dakika tano hivi moto ukiwa wa wastani, ukikoroga mpaka chini ili isishike sufuria, ndipo uamue.

Krimu nayo ina tabia yake. Ikikutana na nyanya nyingi na moto mkali hukatika, ukaona vipande vyeupe vinaelea. Zima moto kwanza, changanya krimu na upawa mmoja wa supu pembeni, ndipo urudishe kwenye sufuria. Iliyokatika haina sumu kama krimu ilikuwa nzima, wala kalori zake hazijabadilika. Ni sura tu iliyoharibika.

Nisieleweke kwamba mafuta yote yatoke. Rangi ya machungwa ya boga na karoti ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini hufyonzwa vizuri pale chakula kinapokuwa na mafuta kidogo. Supu iliyochemshwa kwa maji matupu inapoteza sehemu ya faida yake tumboni. Gramu tatu hadi tano za mafuta kwenye mlo mzima zinatosha. Kijiko chetu kimoja cha alizeti pamoja na mafuta ya kitoweo pembeni vinafikisha hapo, bila krimu.

Wapo pia wanaohitaji kalori zaidi: mgonjwa anayerejesha nguvu, mzee aliyepoteza hamu ya kula, mtoto ambaye tumbo lake dogo linashiba kwa nusu bakuli. Nusu bakuli la supu tupu ni kalori 41 tu, na mtoto anaweza kushiba bila kupata kitu. Kwa hao krimu si adui, lakini kuna kitu bora zaidi na kipo sokoni Kirumba na Buhongwa: karanga zilizokaangwa na kusagwa. Gramu 60 kwenye sufuria yetu zinaongeza kama kalori 57 kwa kila bakuli, na protini gramu 2.6, ambayo krimu haiwezi kuifikia. Chagua karanga kabla ya kusaga, zilizosinyaa na zenye ukungu zitupwe, na usimpe mtu mwenye mzio wa karanga.

Hata hivyo, supu ya mboga, ya krimu au ya unga, haifai kuwa chakula cha jioni peke yake. Protini gramu 2 au 3 ni kidogo mno. Sisi tulio ufukweni mwa Ziwa Victoria hatuna sababu ya kuishia hapo. Gramu 100 za nyama ya sato iliyoiva zina protini karibu gramu 26 na kalori zipatazo 130. Bakuli la supu iliyotiwa uzito kwa unga pamoja na kipande hicho cha sato aliyechemshwa au kuchomwa ni kalori 230 hivi, pungufu kwa karibu theluthi moja ya supu ya krimu ikiliwa na vipande viwili vya mkate mweupe, ambavyo vina kama kalori 75 kila kimoja. Mwenye kisukari naye avitazame vipande hivyo vya mkate kabla ya kuogopa boga: vinaleta wanga unaokaribia gramu 30, wakati wanga wote uliomo kwenye bakuli la supu ya unga ni kama gramu 19.

Bakuli lenyewe nalo lipimwe. Mabakuli ya plastiki tunayotumia majumbani hubeba gramu 450 au zaidi yakijazwa, na supu ya krimu kwa bakuli hilo ni kalori 294, siyo 196. Na supu ikilala, asubuhi huwa nzito na watu huongeza maji. Maji hayo hayaongezi kalori, lakini yanabadilisha mgawanyo. Kama jana mlikula mabakuli manne kati ya sita ya supu ya unga, zimebaki kalori 204 kwenye sufuria. Ongeza maji unayotaka, pasha mpaka ichemke kabisa, kisha gawa 204 hizo kwa idadi ya mabakuli mapya yatakayotoka.